Rejista Isiyokosea

Mwalimu Erasmo hakuzaliwa na majivuno. Aliyapata ukubwani, pamoja na kompyuta. Katika shule yenye walimu saba na kompyuta moja, anayejua kuiwasha anaitwa fundi, anayejua kuandika barua ndani yake anaitwa mtaalamu, na anayejua Excel haitwi tena jina lolote, anaombwa tu. Erasmo aliombwa kila siku, na kuombwa kunanoga. Alikuwa kijana wa Newala aliyepangiwa Nakilongo, kijiji cha wakulima wa korosho mbele kidogo ya Kilangala, na mwaka wake wa pili pale alikuwa ameshaanza kuwajibu wenzake huku macho yakiwa kwenye kioo cha mashine.

Mwezi wa tisa ulipokuwa unaisha, mchwa waliingia kabati la ofisi. Hawakugusa mafaili ya zamani ambayo hakuna aliyeyahitaji. Walikula daftari la mahudhurio la darasa la sita, kuanzia jalada la nyuma hadi katikati, na kilichobaki kikawa udongo. Jipya halikuwepo, na msimu wa korosho ulikuwa unaanza, msimu ambao watoto huaga nyumbani kwa sare za shule wakaishia mashambani kuokota.

"Mkuu, niachie mimi," Erasmo alimwambia Mwalimu Tekla, mwalimu mkuu, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo na subira kubwa. "Orodha ya wanafunzi tunayo kwenye kompyuta. Nitaigeuza rejista. Itakuwa nzuri kuliko ile ya dukani."

"Iwe kama rejista za siku zote," alisema Mwalimu Tekla. "Wavulana kwanza, wasichana chini yao, kila kundi kwa alfabeti. Mwisho wa mwezi nataka wazazi waje waone mahudhurio ya watoto wao na watie sahihi. Na namba zao za simu ziwepo. Mtoto asipoonekana, mzazi aambiwe siku hiyohiyo."

Mchana huo Erasmo alikaa ofisini, akafungua nakala ya orodha. Ilikuwa na safu nyingi: jina, jinsi, tarehe ya kuzaliwa, kitongoji, jina la mlezi, simu ya mlezi. Watoto walikuwa wamepangwa kwa namna walivyoandikishwa, wavulana na wasichana wamechanganyika. Kuwatenganisha hakukumpa shida. Aliipanga orodha nzima kwa safu ya jinsi, kutoka mwisho wa alfabeti kwenda mwanzo, "Me" wakakaa juu na "Ke" chini. Hapo hakuna kilichoharibika.

Kilichoharibika kilikuja kwenye alfabeti. Aliyachagua majina ya wavulana peke yake, akabonyeza kupanga. Kompyuta ikamuuliza swali la haki kabisa: kuna maelezo mengine pembeni ya haya uliyochagua, niyapange yote pamoja, au hiki ulichochagua tu? Akajibu yote pamoja. Mashine ikachukua jedwali zima, wasichana wakapanda juu, wakachanganyika tena na wavulana. Akaguna, akarudisha nyuma. Mara ya pili, ilipomuuliza, akajibu: hiki nilichochagua tu. Wavulana wakajipanga vizuri, wasichana hawakusogea. Akafanya vivyo hivyo kwa wasichana, akajipongeza kimoyomoyo.

Hakutazama pembeni. Majina yalikuwa yamehama, lakini simu za walezi zilibaki zilipokuwa, kila moja kwenye mstari wake wa zamani, ikimsubiri mtoto aliyeondoka na kumpokea aliyekuja. Kwa kuwa mvulana alikaa mahali pa mvulana na msichana mahali pa msichana, hakuna lililomkwaza jicho. Na angalau jina la mlezi lingemwonya, ila alilificha. Karatasi ilikuwa nyembamba, tarehe zilihitaji nafasi, naye akaona simu inatosha. Akaficha jina la mlezi, akaficha kitongoji, akaficha tarehe ya kuzaliwa.

Kuanzia hapo alikuwa anapamba. Aliandika Jumatatu ya kwanza ya mwezi juu ya safu, akaikokota pembe ya kisanduku kuelekea kulia na kuchagua siku za kazi tu, Jumamosi na Jumapili zikarukwa zenyewe. Sikukuu ya taifa akaitia kivuli ili mtu asije akaweka alama hapo. Tarehe akazisimamisha wima, zikakaa kwenye visafu vyembamba. Upande wa kulia akaacha safu pana ya sahihi ya mzazi au mlezi, na chini kabisa mistari miwili, mmoja wa mwalimu wa darasa na mmoja wa mwalimu mkuu. Hakuipiga kwa nukta za kubahatisha, aliiweka kwa mpaka wa chini wa kisanduku, ikanyooka. Akalaza karatasi, akaamuru upana wote uingie kwenye ukurasa mmoja, akaamuru mstari wa tarehe ujirudie juu ya kila ukurasa. Mwisho akaihifadhi kama PDF, ili kompyuta ya steshenari mjini Lindi isije ikaivuruga.

Iliporudi imechapwa, walimu waliipitisha mkono kwa mkono. Mwalimu Tekla aliitazama kwa muda mrefu, akaisifu, na kuomba madarasa mengine nayo yatengenezewe.

"Hii haikosei," Erasmo alisema.

Ulimi hauna mfupa. Neno lile lilimtoka kirahisi, na lilimkaa kichwani mwezi mzima kama ushahidi wa ukubwa wake.

Kila asubuhi aliita majina na kuweka alama. Aliyepo alipata vema ya bluu, asiyekuwepo x nyekundu. Baada ya kipindi cha kwanza aliwatumia ujumbe walezi wa wasiokuwepo, na kwa kuwa kuandika jina la kila mtoto kulimchosha, alitumia ujumbe mmoja kwa wote: "Ndugu mlezi, mwanao hajafika shuleni leo. Mfuatilie. Mwl. Erasmo, darasa la sita." Namba alizisoma kwenye mstari wa mtoto husika. Waliokosa mara nyingi hawakuwa wengi, na aliyewapita wote ni Maria, binti wa Eusebio fundi seremala. Mstari wa Maria ulijaa wekundu.

Siku moja, kabla ya mapumziko ya saa nne, simu yake iliita. Alikuwa anatengeneza rejista ya darasa la tano, na vidole havikutaka kuacha.

"Mwalimu, mimi ni bibi yake mtoto," ilisema sauti ya mwanamke mzee. "Nimesomewa ujumbe wako. Huyu mtoto anatoka kwangu asubuhi, amevaa, ana daftari. Una hakika hafiki?"

"Bibi, rejista haidanganyi," alijibu Erasmo. "Hajafika wiki hii yote."

"Anasema anafika."

"Watoto ndivyo wanavyosema, Bibi. Mfuatilie."

Akakata. Alifurahi hata, kwamba kumbe wapo walezi wanaojali. Hakumwuliza jina la mtoto. Alidhani anazungumza na bibi yake Maria, na aliyempa hakika hiyo ilikuwa karatasi aliyoipanga kwa mkono wake.

Siku ya mwisho wa mwezi wazazi walikuja, wakabanana kwenye madawati ya darasa la sita, magoti yamewapanda kifuani. Rejista iliwekwa juu ya meza ya mbele, kalamu mbili pembeni na kidau cha wino kwa wasioandika. Mwalimu Tekla alikuwa ameshatia sahihi yake chini, juu ya ule mstari ulionyooka. Erasmo alisimama akaita jina la mtoto, mzazi akaja, akaonyeshwa mstari wa mwanawe, akatia sahihi, akarudi. Kazi ilikwenda vizuri na Erasmo akaanza kutia maneno ya hekima kati ya jina na jina.

"Maria Eusebio."

Eusebio alikuja, mtu mrefu, mikono ina gundi ya mbao. Erasmo hakumpa kalamu.

"Mzee Eusebio, naomba na wengine wajifunze hapa," alisema, akaiinua rejista watu waione. "Hizi nyekundu zote ni za binti yako. Tumekutumia ujumbe kila mara. Bibi yake nimeongea naye mwenyewe. Nyumbani kwenu mnafanya nini?"

Eusebio aliitazama karatasi, kisha akamtazama mwalimu. "Maria haji shule?" aliuliza.

"Hukupata ujumbe?"

"Sijapata hata mmoja. Na bibi yake Maria alifariki mwaka juzi, mwalimu. Tulimzika Rondo."

Erasmo alicheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetafuta pa kushika. "Labda ulibadilisha laini bila kutuarifu."

"Laini yangu ni hiihii tangu Maria hajazaliwa. Kila mtu hapa anayo, namba imeandikwa kwenye mlango wa karakana."

Watu wengine wakaitikia kwamba ni kweli. Eusebio alibaki amesimama mbele ya watu, amejua sasa hivi tu kwamba mtoto wake humuaga kila asubuhi kwa uongo, na amejua kwa kukemewa. Uso wake ulikuwa umefungwa. Mwalimu Tekla, kwa ile sauti yake ndogo, alisema, "Erasmo, piga hiyo namba iliyoandikwa."

Erasmo alitoa simu akapiga namba iliyokuwa kwenye mstari wa Maria. Kisha kutoka dawati la nyuma, ndani ya fundo la kanga ya mwanamke mzee, simu ndogo ya vitufe ikaanza kuimba.

Alikuwa Bi Somoe. Alimlea mjukuu wake Naima Ridhiwani tangu mtoto yuko mgongoni, na Naima ndiye aliyekuwa anafuata kuitwa. Alihangaika kulifungua fundo, simu ikaendelea kuimba, hakuna aliyecheka. Alipoitoa, hakuipokea. Aliinuka nayo mkononi akaja mpaka mezani.

"Shikamoo, Bibi," Erasmo alisema.

"Marahaba. Nionyeshe mstari wa Naima."

Aliuonyesha. Bi Somoe hakusoma shule, lakini vema anaijua kila mtu. Alipitisha ukucha juu ya mstari ule taratibu, kisanduku baada ya kisanduku, bluu tupu, akaruka kile chenye kivuli, akaendelea mpaka mwisho. Kisha akaurudia mstari kutoka mwanzo.

"Zote hizi ni zake?"

"Zote, Bibi."

"Alikuja kila siku."

"Hajakosa hata siku moja."

Bi Somoe aliweka mkono mezani kujishikiza. Hakupaza sauti. Alisema kama anavyosema mtu anayejisimulia mwenyewe, na hilo lilikuwa baya zaidi, kwa sababu darasa zima lilinyamaza ili lisikie.

"Mimi sijui kusoma. Ujumbe ukiingia nampelekea Majid dukani ananisomea. Wa kwanza alinisomea nikamwambia soma tena, sikuamini. Akasoma tena, na barazani pake wamekaa watu wanacheza bao. Wa pili ukaja, na wa tatu. Wakaanza kuniuliza, mjukuu wako anakwenda wapi na sare? Mtoto wa kike, umri ule. Nikampigia mwalimu. Mwalimu akaniambia rejista haidanganyi." Alimtazama Erasmo. "Ni wewe, sivyo?"

"Ni mimi."

"Nikarudi nyumbani nikamshikisha msahafu. Nikamwambia apa. Akatia udhu, akashika, akaapa kwamba anakwenda shule. Mimi nikamwambia umeapa uongo. Mtoto amelelewa na mkono wangu, nikamwambia hivyo. Tangu siku hiyo anakula peke yake, hasemi na mimi ila kunisalimia. Nilidhani anaona aibu ya uongo wake."

Kuna aibu inayomfanya mtu akasirike, na ipo inayomfanya atafute mlango. Ya Erasmo ilikuwa hii ya pili. Alisimama mbele ya watu wale akihisi masikio yanawaka na mikono haina pa kukaa, na bado, hapohapo, moyo wake ulikuwa unamtafutia pa kutokea. Ulimnong'oneza steshenari. Ulimnong'oneza mtandao. Akafungua mdomo akasema, "Inawezekana wakati wa kuchapa, kule mjini..."

Akanyamaza mwenyewe. Ile ilikuwa PDF. Aliifunga kwa mikono yake ili mtu yeyote asiweze kuibadilisha, na alijisifia hilo kwa walimu wote waliokuwa pale. Mwalimu Tekla alikuwa anamtazama.

"Sahihi yangu iko chini ya yako," alisema mwalimu mkuu. "Niambie nimeweka sahihi kwenye nini."

Erasmo akaileta kompyuta kutoka ofisini, akaiwasha mezani, mbele ya wazazi. Alifungua orodha ya asili iliyokuwa haijaguswa, kisha akafungua ile yake na kuzifichua safu alizozificha. Majina ya walezi yakatokea. Maria Eusebio, mlezi Somoe Likwata. Hapo hapakuhitaji mtaalamu. Alishuka mstari kwa mstari na kila mstari ulikuwa unamsuta: mtoto wa Ambrosi amepewa shangazi anayemlea mtoto wa Khamisi, mtoto wa Khamisi amepewa mtu wa Likawage anayemlea mtoto mwingine. Kati ya wasichana wote, wawili au watatu tu walikuwa wamebaki na walezi wao wenyewe, kwa bahati.

"Nilipanga majina peke yake," alisema. "Simu hazikufuata."

"Mashine ilikosea?" aliuliza mzazi mmoja, kwa kumhurumia.

Huruma ile ilimchoma kuliko kukemewa. "Mashine iliniuliza," alijibu. "Mimi ndiye niliyejibu vibaya."

Mkutano uliishia hapo. Eusebio aliondoka bila kuaga, akaelekea mashambani kumtafuta binti yake, na Erasmo alimwona kupitia dirishani anatembea kwa haraka huku gundi bado iko mikononi. Wengine walitoka mmoja mmoja wakimpa pole, na kila pole aliipokea kama kofi.

Alikaa akaitengeneza upya palepale. Safari hii aliichagua orodha yote, kutoka jina mpaka simu, akaagiza ipangwe kwa ngazi mbili kwa mara moja: kwanza jinsi, halafu jina. Ilichukua muda mfupi kuliko kuvaa viatu. Ngazi ya pili ilikuwepo siku zote, chini ya kitufe ambacho hakuwahi kukibonyeza kwa kuwa hakuwahi kumwuliza mtu, na hakuwahi kumwuliza mtu kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa anaulizwa. Alilinganisha kila mstari na orodha ya asili, kwa kidole, kama mtoto anayejifunza kusoma. Jina la mlezi akalirudisha, hata kama tarehe zilibanana.

Alipoinua kichwa, Bi Somoe alikuwa bado amekaa dawati la nyuma.

"Bibi, nimesharekebisha. Nitakuja nyumbani nimwombe radhi Naima."

"Nyumbani hakuna aliyesikia," alisema Bi Somoe. "Twende dukani."

"Dukani?"

"Ujumbe ulisomwa dukani. Na huu wa radhi utasomwa dukani."

Waliongozana kwa miguu, yeye nyuma na bibi mbele, na walipofika njia panda Naima alikuwa anatoka kisimani. Aliweka ndoo chini. "Shikamoo, mwalimu," alisema, kwa adabu ileile ya kila siku darasani, ambako aliitikia "nipo" mwezi mzima, naye Erasmo akamwekea vema mwezi mzima, kisha akaiambia nyumba yake kwamba hayupo. Erasmo aliitikia marahaba akashindwa kumtazama. Bi Somoe alimwambia mtoto awafuate.

Barazani kwa Majid wazee walikuwa kwenye bao kama kawaida, na Majid mwenyewe, mtu wa sauti pana, alikuwa anapima mchele. Waliona mwalimu anakuja na Bi Somoe na mtoto wakadhani wanajua kinachokuja. Mmoja akatikisa kichwa kwa kumsikitikia bibi.

"Tuma," alisema Bi Somoe.

Erasmo alitoa simu. Alisimama pembeni ya gunia akaandika, akafuta, akaandika. Simu ya bibi ikalia kwenye fundo. Bi Somoe akaitoa akampa Majid, na Majid akafuta mikono akasoma kwa ile sauti yake: "Ndugu mlezi, kutokana na hitilafu iliyojitokeza katika upangaji wa taarifa, baadhi ya ujumbe ulitumwa kimakosa. Tunaomba radhi kwa usumbufu. Uongozi wa darasa."

Wazee walitazamana. Bi Somoe alimgeukia Erasmo.

"Huyo Hitilafu ni mwalimu gani? Simjui. Na mtoto wangu hana jina?"

Mzee mmoja aliinamisha uso kwenye bao ili asionekane anacheka. Erasmo alikuwa amemwomba radhi mtu kwa lugha ya matangazo ya ubaoni, na amejificha nyuma ya uongozi ambao ni yeye peke yake. Akaifungua simu tena. Safari hii hakufuta kitu. Simu ya bibi ikalia mkononi mwa Majid.

Majid alisoma kwanza kimya, akamtazama mwalimu, kisha akasoma kwa sauti, lakini si ile pana. "Naima Ridhiwani amefika shule kila siku mwezi huu wote. Alisema kweli, na aliapa kweli. Aliyekosea ni mimi, mwalimu Erasmo. Nilimpa bibi yake makosa ya mtoto mwingine, na bibi aliponiuliza sikumsikiliza."

Kete ziliacha kugonga. Naima alikuwa amesimama kwenye ukingo wa baraza, anajipangusa maji ya ndoo mkononi ingawa mkono ulishakauka.

Bi Somoe alimgeukia. "Mimi sijui kuandika, mjukuu wangu, kwa hiyo wangu nausema," alisema. "Uliapa kweli. Aliyesema uongo ni mimi, niliyesema umeapa uongo. Nisamehe."

Naima alitazama chini. Machozi yalimtoka bila kelele, akayafuta kwa ukaya wa baibui. "Yameisha, Bibi," alisema. "Inatosha. Twende."

"Haijatosha," alisema Bi Somoe. Wapita njia wawili walikuwa wamesimama, na mwanamke mwenye chupa ya mafuta ya taa alikuwa anakaribia. Bibi aliwasubiri wafike. "Ule wa kwanza ulisomwa mara mbili. Soma tena, Majid."

Na Erasmo, aliyekuwa ameshaanza kugeuka aende zake, akarudi akasimama palepale ili asikie.